Mara mbili tu: utambi wa karabai na ngazi ya thoriamu

Tulikuwa tunasafisha stoo ya marehemu baba kule Lushoto tulipoikuta taa yake ya karabai, imefungwa kwenye gazeti lililokwisha kuwa la rangi ya chai. Pembeni yake palikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo tambi tatu ambazo hazijawahi kuwashwa, zile soksi nyeupe za wavu laini ambazo mara zikishika moto hubaki jivu linalong'aa. Tambi za siku hizo zilitengenezwa kwa thoriamu. Nilikuwa nimeazima kwa rafiki kifaa cha Geiger cha kuhesabu mnururisho, na kwa kuwa mpwa wangu Neema yuko kidato cha sita na anasoma fizikia, nikakisogeza karibu na kopo ili asikie.

Kikaanza kulia, tak-tak-tak, bila kukatika.

Neema alisikiliza kidogo, kisha akafungua jedwali nyuma ya kitabu chake. "Mjomba, hapa wanasema nusu-maisha ya thoriamu ni miaka bilioni 14. Mbona hii inalia leo?"

Nusu-maisha ni muda ambao nusu ya viini vilivyopo huwa vimevunjika. Swali hilo nililijibu papo hapo, kwa sababu ni hesabu ya wingi tu. Gramu moja ya thoriamu ina viini vingi kiasi kwamba, hata kila kimoja kikiwa na nafasi ndogo kupita kiasi ya kuvunjika katika sekunde hii, jumla yake ni kama viini 4,000 vinavyovunjika kila sekunde. Ndiyo njia ya kupima miaka bilioni 14 bila kuingoja: unapima uzito wa thoriamu, unahesabu milio, unagawanya. Nikamwekea karatasi kati ya utambi na kifaa, na mlio ukapungua kidogo tu, maana kwa sehemu kubwa tulichokuwa tunakisikia si chembe za alfa za thoriamu yenyewe, vifurushi vya protoni mbili na nyutroni mbili ambavyo karatasi huvizuia, bali miale ya beta na gama ya vizazi vyake.

Swali lililonikalia kichwani wiki zilizofuata ni la pili. Neema alishusha kidole kwenye jedwali hilohilo hadi poloniamu-212, akasoma: sekunde moja ukiigawa vipande milioni, sehemu 0.3 ya kipande kimoja. "Na nishati yake ni kama mara mbili tu ya ile ya thoriamu. Mara mbili tu, mjomba."

Nikasema ni kwa sababu ya upenyaji wa kikwanta. Akaitikia kwa adabu, nami nikajua kwamba sikuwa nimemwambia kitu.

## Ngazi moja, vidato sita

Thoriamu-232 haivunjiki mara moja ikaisha. Inashuka kidato kwa kidato mpaka inapokuwa risasi-208, ambayo imetulia. Vidato vingine ni vya beta na hivyo naviacha. Vya alfa, katika njia inayopitiwa na viini vingi zaidi, ni sita. Nishati nimeiandika kwa MeV, yaani milioni za elektroni-volti, na ni nishati yote inayoachiliwa, pamoja na sehemu ndogo inayokwenda na kiini kinaporudishwa nyuma kama bunduki iliyofyatuliwa.

Thoriamu-232 huachilia MeV 4.08 na nusu-maisha yake ni miaka bilioni 14. Thoriamu-228 huachilia 5.52, na nusu-maisha ni miaka 1.9. Radiamu-224 ni 5.79 na siku 3.6. Radoni-220 ni 6.40 na sekunde 56. Poloniamu-216 ni 6.91 na sehemu 0.145 ya sekunde. Kisha poloniamu-212: MeV 8.95, na mikrosekunde 0.3.

Tazama kidato cha pili na cha tatu. Kutoka 5.52 hadi 5.79 nishati imeongezeka kwa asilimia tano, na nusu-maisha imekatwa mara 190 hivi, kutoka karibu miaka miwili hadi siku chini ya nne. Ukichukua ngazi nzima, nishati imepanda mara 2.2 na nusu-maisha imeshuka mara 1.5 × 10^24, yaani zaidi ya trilioni moja ya trilioni.

Wala namba ya chini si ya kubahatisha. Poloniamu-212 huzaliwa pale bismathi-212 inapotoa chembe ya beta. Beta hiyo huwasha saa, alfa inayofuata huizima, na ukirudia mara maelfu unaona jinsi muda kati ya milio miwili unavyotawanyika.

Geiger, yuleyule ambaye jina lake limebaki kwenye kifaa nilichoazima, aliona mwenendo huu pamoja na Nuttall mwaka 1911. Alfa zenye nguvu zaidi hutoka kwenye viini vyenye maisha mafupi zaidi, na uhusiano unanyooka ukichukua logi. Kwa nini logi? Hakuna aliyejua kwa miaka 17.

## Nilipokosea kwanza

Nikiwa kwenye basi la kurudi mjini nilijaribu kujieleza mwenyewe, na maelezo ya kwanza yaliyonijia yalikuwa haya: chembe yenye nishati kubwa inakwenda kasi, kwa hiyo inagonga ukuta wa kiini mara nyingi zaidi kwa sekunde, kwa hiyo inatoka mapema.

Ni maelezo yenye sura nzuri. Nikayapigia hesabu.

Chembe ya alfa ndani ya kiini cha thoriamu, tukiifikiria kwa njia rahisi kama mpira unaodunda kutoka ukingo hadi ukingo, hugonga ukuta mara 7.7 × 10^20 hivi kila sekunde. Ile ya poloniamu-212 hugonga mara 1.16 × 10^21. Tofauti ni mara moja na nusu. Nilikuwa natafuta trilioni ya trilioni, nikapata moja na nusu.

Maelezo ya pili yalikuwa kwamba pengine ukuta wa thoriamu ni mrefu sana kwenda juu kuliko wa poloniamu. Ukuta huu hujengwa na msukumano wa umeme: alfa ina chaji chanya mbili, kiini kinachobaki kina chaji chanya 88 kwa upande wa thoriamu na 82 kwa upande wa poloniamu, na vyote viwili vinasukumana mara tu nguvu ya kiini inapoishia. Nikichukua ukingo wa kiini kuwa kwenye femtomita 9 na kitu kutoka katikati, femtomita moja ikiwa sehemu moja ya milioni ya bilioni ya mita, kilele cha ukuta ni MeV 27 kwa thoriamu na MeV 26 kwa poloniamu.

Karibu sawa.

Hapo ndipo nilipokwama, nikakaa siku kadhaa nimekwama. Idadi ya kugonga inakaribiana, kimo cha ukuta kinakaribiana, na bado mmoja hungoja umri wa ulimwengu na mwingine hangoji hata kupepesa jicho.

## Ukuta usio na mlango

Jambo la kwanza ambalo nilipaswa kulitafakari polepole ni kwamba hakuna hata moja kati ya chembe hizi mbili inayoweza kuuruka ukuta. Yenye MeV 4 haiwezi, na yenye MeV 9 nayo haiwezi, kwa maana kilele kiko kwenye 26. Kwa fizikia ya zamani zote mbili ni wafungwa wa milele.

Wanafizikia wa miaka ya 1920 lilikuwa likiwasumbua hilohilo. Rutherford alijua kwamba ukiipiga urani kwa chembe za alfa zenye nishati karibu mara mbili ya zile ambazo urani yenyewe huzitoa, chembe hizo husukumwa nyuma na msukumano wa umeme bila hata kufika ukingoni mwa kiini. Sasa zile dhaifu zilitokaje ndani? Mwaka 1927 alipendekeza kwamba alfa hutoka ikiwa imebeba elektroni mbili zinazoficha chaji yake, kisha inaziacha njiani. Ilikuwa njia ya mtu mwerevu ambaye hajapewa kifaa kinachofaa.

Kifaa kilikuja mwaka uliofuata. George Gamow, akiwa Göttingen, na Ronald Gurney pamoja na Edward Condon, wakiwa Princeton, walifikia jibu lilelile kila upande kwa njia yake. Alfa ndani ya kiini ni wimbi, na wimbi halikatiki ghafla linapofika ukutani. Linaendelea ndani ya ukuta likinywea, na kama ukuta una mwisho, upande wa pili hubaki kiasi fulani cha wimbi, kidogo lakini si sifuri. Kiasi hicho ndicho uwezekano wa chembe kuwa nje.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulikosea, nami nililikosea. Alfa ya thoriamu haichimbi ukuta kwa miaka bilioni 14. Kila mgongano ni jaribio jipya lisilokumbuka la jana. Kiini cha thoriamu ambacho hakijavunjika tangu Dunia ilipoumbwa hakijachakaa hata kidogo, na nafasi yake ya kuvunjika kesho ni ileile iliyokuwapo siku ya kwanza.

## Malango themanini na tisa

Haya, ukuta una mwisho. Uko wapi?

Hili ndilo swali lililonifungua, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimeangalia kimo cha ukuta tu, sikuuliza unene wake. Msukumano wa umeme hupungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo ukuta huu una umbo la mlima wenye upande mmoja wima, ule wa ndani, na upande wa nje unaoteremka taratibu mno. Chembe hutokea nje pale mteremko unaposhuka hadi usawa wa nishati yake. Yenye nishati ndogo hutokea chini kabisa, mbali, pale mlima unapokuwa mpana.

Kwa thoriamu-232 mahali hapo ni femtomita 62 kutoka katikati. Kwa poloniamu-212 ni femtomita 26. Ukitoa zile tisa za kiini chenyewe, mmoja ana ukuta wenye unene wa femtomita 53 na mwingine 17. Nishati mara mbili imepunguza unene mara tatu, na juu ya hapo chembe yenye nishati kubwa inapita karibu zaidi na kilele, kwa hiyo hata ndani ya ukuta wimbi lake hunywea polepole zaidi.

Bado, mara tatu si trilioni ya trilioni. Kilichobaki ni kuelewa wimbi linavyonywea.

Fikiria mfanyabiashara anayepita njia yenye malango ya ushuru, na katika kila lango anaachiwa asilimia 37 tu ya mzigo aliofika nao. Lango la pili linachukua kutoka kwenye kilichobaki, la tatu kutoka kwenye kilichobaki baada ya hapo. Malango hayatozi kiasi maalumu, yanatoza fungu. Ukuta wa kiini hufanya hivyo kwa uwezekano. Karibu na ukingo wa kiini cha thoriamu, pale ukuta unapokuwa juu sana, malango yamesongamana, moja kila robo ya femtomita. Mbali zaidi yanaachana.

Idadi ya malango inatokana na kanuni hii, ambayo kwa ukuta wa umeme inatoka safi:

```
2G = (2b/ħ) · √(2mQ) · [ arccos√x − √(x(1−x)) ],   x = R/b
P  = exp(−2G)
```

Hapa `Q` ni nishati inayoachiliwa, `R` ni ukingo wa kiini, `b` ni pale chembe inapotokea nje, `m` ni masi ya alfa iliyorekebishwa kidogo kwa sababu kiini nacho kinarudi nyuma, `ħ` ni namba isiyobadilika ya Planck iliyopunguzwa, `2G` ndiyo idadi ya malango, na `P` ni uwezekano wa kupenya.

Nilikaa na karatasi jioni moja nikazihesabu zote mbili. Thoriamu-232 ina malango 89.1. Poloniamu-212 ina 32.3.

Hapo nikaiweka kalamu chini. Namba 89 na 32 hazitishi; moja si hata mara tatu ya nyingine. Lakini kinachohesabika si uwiano wake, ni tofauti yake, malango 57 ambayo poloniamu haikulazimika kuyapita, na kila moja kati ya hayo lingebakiza asilimia 37 tu. Asilimia 37 ikizidishwa kwa yenyewe mara 57 ni kama sehemu moja katika 5 × 10^24. Tofauti iliyopimwa ni 1.5 × 10^24. Nishati haikuwa inazidisha nusu-maisha wala kuigawa. Ilikuwa imekaa kwenye kipeo, ikihesabu malango. Ndiyo maana Geiger na Nuttall walihitaji logi: logi ni njia ya kuhesabu malango badala ya kuhesabu mzigo.

Nikapima pia badiliko dogo. Ukikiongezea kiini cha thoriamu-232 sehemu moja ya kumi ya MeV, malango mawili yanaondoka, na nusu-maisha inakatwa kama mara saba na nusu. Ukikiongezea nusu ya MeV yanaondoka malango tisa na kidogo, na miaka bilioni 14 inakuwa kama miaka milioni 1.3. Katika Dunia yenye umri wa miaka bilioni 4.5, thoriamu ya namna hiyo ingekwisha zamani, na baba angewasha karabai kwa utambi wa kitu kingine.

## Hesabu iliponipendelea mno

Nikaendelea, kwa tamaa, kutafuta nusu-maisha yenyewe badala ya uwiano. Uwezekano wa kupenya kwa mgongano mmoja wa thoriamu ni 2 katika 10^39. Ukizidisha na idadi ya kugonga kwa sekunde, ukageuza kuwa nusu-maisha, unapata miaka bilioni 14.

Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu jibu lilikuwa zuri kupita lilivyostahili.

Ukingo wa kiini nilikuwa nimeuweka kwenye femtomita 9.24, kwa kanuni ya kawaida ya kukadiria ukubwa wa kiini, inayoanza na femtomita 1.2. Wapo wanaoanza na 1.3, nao wana sababu zao. Nikabadilisha, ukingo ukasogea kwa robo tatu ya femtomita, malango matatu yakatoweka, na nusu-maisha yangu ikapungua takribani mara ishirini. Ile ya poloniamu kwa 1.2 haikuwa nzuri hivyo hata mwanzoni: nilipata mikrosekunde 0.06, mara tano fupi kuliko iliyopimwa. Tena mpira unaodunda ndani ya kiini ni hadithi tu. Alfa haikai mle ikiwa tayari. Protoni mbili na nyutroni mbili lazima kwanza zikutane zikajikusanya, na nafasi ya hilo kutokea ni chini ya moja. Makosa yangu mawili kwenye thoriamu yalikuwa yamefutana.

Kwa hiyo niliporudi kwa Neema nilimwambia asiiamini bilioni 14 yangu, aamini ile tofauti ya malango. Unapochukua uwiano wa viini viwili vya tabia moja, sehemu kubwa ya usiyoyajua hukatana. Kila kimoja peke yake, ukikosea mara kumi hujafanya vibaya.

## Bismathi inakataa

Alinisikiliza, akachukua kikokotoo, akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akajaribu kidato ambacho mimi nilikiruka.

Bismathi-212, iliyo juu ya poloniamu-212 katika ngazi, ina njia mbili. Mara 64 katika mia hutoa beta na kuwa poloniamu-212. Mara 36 hutoa alfa yenyewe, ikiachilia MeV 6.21, na kuwa thaliamu. Neema aliweka namba zile kwenye kanuni akapata malango 51, na nusu-maisha ya sekunde 13.

Jedwali linasema dakika 61, na ukiihesabu njia ya alfa peke yake ni kama saa 2 na dakika 48.

"Nimekosea wapi, mjomba?"

Hakuwa amekosea. Mara karibu 800 za tofauti hazitoki kwenye ukuta. Viini vyote sita vya ngazi yangu vina protoni shufwa na nyutroni shufwa, kila moja ina mwenzake, na jozi hizo hujikusanya kuwa alfa bila kuvuruga wengine. Bismathi-212 ina protoni 83 na nyutroni 129. Kuna protoni moja na nyutroni moja zisizo na wenza, na ama alfa izivunje jozi ili kuzichukua, ama iziache zikiwa katika mpangilio ambao kiini kipya hakiupendi. Malango ni 51 vilevile. Shida ni kwamba msafiri mwenyewe ni nadra kuwa tayari kwa safari. Gamow hakudai kulieleza hilo, na kanuni yake hailijui.

Neema aliandika kitu pembeni mwa daftari, akanionyesha. Kama alfa ya bismathi ingetoka kwa sekunde 13 kama kanuni inavyotaka, beta, ambayo kwa njia yake peke yake huhitaji kama dakika 95, isingepata nafasi. Ni viini viwili tu na ushei katika elfu ambavyo vingefika poloniamu-212, na kile kidato cha mikrosekunde 0.3 kilichoanzisha maswali yote kingekuwa karibu hakikanyagwi.

Tambi tuliziacha ndani ya kopo, tukafunga kifuniko.